BEI KABLA YA VAT: USIKATE 18 KATIKA 100, GAWA KWA 118

Mfanyabiashara anayeagiza mabati, rangi au misumari mjini Arusha na kuyauza Lemara hukutana mara kwa mara na risiti au hati ya bei yenye tarakimu moja tu chini: jumla. Hakuna mstari wa bei halisi wala mstari wa kodi. Muuzaji amesema kwa mdomo kuwa "VAT imo ndani", na mnunuzi ameachiwa kazi ya kutafuta mwenyewe bidhaa imemgharimu kiasi gani na Serikali imepata kiasi gani.

Hesabu yenyewe ni fupi, lakini wengi huikosea kwa namna ile ile moja, na kosa hilo lina bei yake. Wiki hii ukurasa huu unaieleza kwa mfano mmoja, kuanzia risiti hadi faida ya dukani, na unataja mahali ambapo kanuni hiyo haifai kutumika.

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi la Lemara lililonunua mabati 50 kwa jumla ya Sh. 1,475,000. Kiwango cha kawaida cha Kodi ya Ongezeko la Thamani Tanzania Bara ni asilimia 18. Je, bei ya mabati kabla ya kodi ni kiasi gani?

KOSA LA KAWAIDA

Wengi watachukua kalkuleta, waandike 1,475,000, wabonyeze alama ya kutoa, kisha 18 na kitufe cha asilimia. Kalkuleta nyingi zitajibu 1,209,500. Mwenye duka ataandika katika daftari lake kuwa bei ni Sh. 1,209,500 na kodi ni Sh. 265,500.

Jibu hilo si sahihi, na msomaji anaweza kulithibitisha bila mhasibu. Chukua hiyo Sh. 1,209,500 na uiongezee asilimia 18 kama muuzaji alivyofanya. Utapata Sh. 1,427,210. Risiti inasema Sh. 1,475,000. Zimepotea Sh. 47,790 ambazo hazina maelezo.

Sababu ni kwamba asilimia 18 ni asilimia ya kitu fulani, na kitu hicho si jumla. Muuzaji alianza na bei yake, akaiita 100, akaongeza 18 juu yake, na mnunuzi akalipa 118. Mnunuzi anaposhika risiti anashika 118, si 100. Akikata asilimia 18 ya jumla, anaikata kodi kutoka katika bei na pia kutoka katika kodi yenyewe. Ndiyo maana kodi aliyoipata imezidi.

NJIA SAHIHI

Ukishaelewa kuwa jumla ni mafungu 118, kazi iliyobaki ni ya kugawa. Gawa jumla kwa 118 ili upate fungu moja:

1,475,000 ÷ 118 = 12,500

Mafungu 100 ni bei: 12,500 × 100 = 1,250,000. Mafungu 18 ni kodi: 12,500 × 18 = 225,000. Ukijumlisha Sh. 1,250,000 na Sh. 225,000 unarudi kwenye Sh. 1,475,000 ya risiti, bila shilingi kupotea.

Anayetaka hatua moja tu agawe jumla kwa 1.18 apate bei, kisha atoe bei hiyo katika jumla apate kodi. Ni hesabu ile ile. Njia ya mafungu ina faida moja: inakukumbusha kila mara kwa nini unagawa, na inafanya kazi kwa kiwango chochote cha kodi. Kiwango kikiwa 16, mafungu ni 116. Kikiwa 15, kama ilivyo kiwango cha kawaida Zanzibar, mafungu ni 115.

Kosa la mwanzo lilimpa mwenye duka kodi ya Sh. 265,500 badala ya Sh. 225,000. Tofauti ni Sh. 40,500 kwa mzigo mmoja wa mabati 50. Kama amesajiliwa VAT na akadai kiasi hicho kama kodi aliyolipa kwenye manunuzi, amedai Sh. 40,500 ambazo muuzaji wake hakuzitoza. Ritani yake na ile ya muuzaji hazitalingana, na tofauti hiyo ndiyo ambayo afisa wa kodi huanza nayo anapokagua vitabu.

KWA NINI WAKONGWE HUGAWA KWA SITA

Wapo wafanyabiashara wa siku nyingi ambao hawakati asilimia 18 wala hawagawi kwa 118. Wao hugawa jumla kwa sita na kusema hiyo ndiyo kodi. Hawakubuni. VAT ilipoanza kutozwa Tanzania Bara tarehe 1 Julai 1998, ikichukua nafasi ya kodi ya mauzo, kiwango chake kilikuwa asilimia 20. Jumla ilikuwa mafungu 120, na kodi ilikuwa 20 katika 120, yaani moja ya sita kamili. Ilikuwa hesabu ya kichwani isiyohitaji hata kalamu.

Mwaka 2009 kiwango kilishuka hadi asilimia 18, na moja ya sita ikaacha kuwa kweli. Kwa risiti yetu ya mabati, kugawa kwa sita kunatoa kodi ya Sh. 245,833, ambayo ni karibu Sh. 21,000 zaidi ya kodi halisi. Sehemu sahihi sasa ni 18 katika 118, ambayo ukiirahisisha inakuwa 9 katika 59. Kwa kichwa, hesabu kuwa kodi ni asilimia 15 na robo hivi ya jumla. Katika Sh. 100,000 uliyolipa, kodi ni Sh. 15,254. Mtu akikuambia katika laki moja kuna kodi ya 18,000 au ya 16,700, unajua papo hapo kuwa amekosea na amekosea kwa njia ipi.

FAIDA YAKO NI IPI HASA

Hesabu hii inafanya kazi kubwa zaidi wakati wa kupanga bei ya kuuzia. Turudi kwenye mabati. Sh. 1,475,000 kwa mabati 50 ni Sh. 29,500 kwa bati moja. Kabla ya kodi, bati moja ni Sh. 25,000. Tuseme mwenye duka anauza bati kwa Sh. 30,500. Je, faida yake kwa bati moja ni shilingi ngapi?

Jibu linategemea kama amesajiliwa VAT au la. Tuanze na asiyesajiliwa, maana ndio wengi Lemara. Tangu mwaka 2023, kwa biashara nyingi, usajili unalazimu mauzo yanayotozwa kodi yanapofikia Sh. milioni 200 kwa miezi 12. Aliye chini ya hapo hatozi VAT kwa wateja wake na harudishiwi VAT aliyolipa kwenye manunuzi. Kwake yeye, gharama ya bati ni Sh. 29,500 yote, na faida kabla ya usafiri na matumizi mengine ni Sh. 1,000. Kujua kuwa bei kabla ya kodi ilikuwa Sh. 25,000 kunamsaidia kulinganisha wauzaji, lakini asiandike 25,000 kama gharama yake. Akifanya hivyo ataona faida ya Sh. 5,500 ambayo haipo, na atashusha bei hadi aanze kula mtaji.

Aliyesajiliwa ana picha nyingine. Gharama yake ni Sh. 25,000, kwa sababu kodi ya Sh. 4,500 ataidai. Lakini na zile Sh. 30,500 anazopokea si zake zote. Nazo ni mafungu 118. Akigawa 30,500 kwa 1.18 anapata Sh. 25,847, na hiyo ndiyo bei yake ya kuuzia. Faida ni Sh. 847 kwa bati, wala si Sh. 1,000. Kwa mabati 50, anayedhani amepata Sh. 50,000 amepata Sh. 42,373, na Sh. 7,627 zilizobaki ni za Serikali.

Anayetaka kuhakiki afanye kwa njia ya ritani. Mauzo yote ni Sh. 1,525,000. Kodi iliyomo ni 18 katika 118, yaani Sh. 232,627. Toa kodi ya manunuzi Sh. 225,000. Inabaki kulipa Sh. 7,627, ile ile tuliyoipata. Njia mbili zikikutana mahali pamoja, daftari lako liko sawa.

Ndiyo maana duka mbili zinazouza bati lile lile kwa bei ile ile, moja imesajiliwa na nyingine haijasajiliwa, hazipati faida sawa. Mwenye mtaji mdogo anayetaka kuweka fedha katika duka la mwenzake aulize kwanza kama faida anayoonyeshwa imehesabiwa kabla ya kutoa kodi au baada ya kuitoa.

ASILIMIA 16 NA WALE WANAOLIPA KWA BENKI

Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 ilileta kiwango cha pili. Mnunuzi ambaye hajasajiliwa VAT, akilipa kupitia benki au mfumo wa malipo ya kielektroniki uliokubaliwa na Kamishna Mkuu wa TRA, hutozwa asilimia 16 badala ya 18. Kwa hiyo risiti ya leo yenye jumla tu haisomeki mpaka ujue mambo mawili: mnunuzi alikuwa nani, na alilipaje.

Hapa hesabu yetu inakuwa chombo cha kujilinda. Tuseme mwenye duka wetu hajasajiliwa na amelipa kupitia benki. Bei kabla ya kodi ni Sh. 1,250,000. Asilimia 16 yake ni Sh. 200,000, hivyo alitakiwa kulipa Sh. 1,450,000. Amepata nafuu ya Sh. 25,000.

Lakini tuseme muuzaji ameacha jumla ile ile ya Sh. 1,475,000 na kusema "bei haijabadilika". Gawa kwa 1.16. Bei kabla ya kodi sasa ni Sh. 1,271,552 na kodi ni Sh. 203,448. Jumla haikubadilika, ila bei ya bati ilipanda kimya kimya. Nafuu ya kodi, Sh. 21,552, imekwenda kwa muuzaji. Muuzaji ana uhuru wa kupanga bei yake, lakini mnunuzi naye ana haki ya kujua kuwa bei imepanda. Dawa yake ni kuuliza bei kabla ya kodi kwanza, ndipo ataje namna atakavyolipa:

"Kaka, hiyo 29,500 ni pamoja na VAT?"

"Ndiyo, imo ndani."

"Basi bila VAT ni 25,000. Nikikulipa kwa benki, na mimi sijasajiliwa, inakuwa 29,000. Sivyo?"

Muuzaji anayekubali kwamba bei bila kodi ni Sh. 25,000 hana budi kukubali Sh. 29,000. Akikataa, mmefika kwenye majadiliano ya bei, na kodi si kisingizio tena.

LINI USIGAWE

Kanuni ya kugawa ina masharti, na anayeisahau mipaka yake atapata jibu lililonyooka kihesabu lakini la uongo kibiashara.

Sharti la kwanza ni kwamba muuzaji awe amesajiliwa VAT. Risiti ya muuzaji aliyesajiliwa huwa na namba ya usajili wa VAT, inayoandikwa VRN, mbali na TIN. TIN peke yake haitoshi, kwa sababu kila mlipa kodi ana TIN. Kama muuzaji hajasajiliwa, jumla yote ni bei na hakuna kodi ya kuitenga. Muuzaji wa aina hiyo akikuambia "VAT imo ndani", ama hajui anachosema ama anajua sana.

Sharti la pili ni kwamba kila kilichomo katika jumla kiwe kinatozwa kodi kwa kiwango kimoja. Hapa ndipo risiti za maduka ya vyakula zinapowachanganya wengi. Mazao ya kilimo ambayo hayajasindikwa, kama mahindi na maharage, yamesamehewa VAT. Tuseme mama mwenye mgahawa amenunua maharage ya Sh. 236,000 pamoja na sabuni, karatasi za chooni na ndoo za plastiki, na risiti inaonyesha jumla ya Sh. 590,000.

Akigawa yote kwa 1.18 atapata bei ya Sh. 500,000 na kodi ya Sh. 90,000. Tarakimu hizo zinapendeza kwa kutokuwa na mabaki, na huenda zikamdanganya kwa sababu hiyo hiyo. Njia sahihi ni kuyatoa kwanza maharage. Zinabaki Sh. 354,000 za bidhaa zinazotozwa kodi. Ukizigawa kwa 1.18 unapata Sh. 300,000, na kodi ni Sh. 54,000. Bei kabla ya kodi kwa risiti nzima ni Sh. 300,000 jumlisha Sh. 236,000, yaani Sh. 536,000. Kosa lingekuwa Sh. 36,000.

Kama risiti haitenganishi bidhaa, hakuna hesabu itakayookoa jambo. Jumla moja haiwezi kukuambia vitu viwili. Rudi kwa muuzaji upate orodha ya bei za bidhaa kabla hujaandika chochote katika daftari.

Sharti la tatu linawahusu wanaovuka Namanga. Kiwango cha kawaida cha VAT nchini Kenya ni asilimia 16, kwa hiyo bidhaa ya KSh. 58,000 iliyonunuliwa dukani Nairobi ina bei ya KSh. 50,000 na kodi ya KSh. 8,000. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini kodi hiyo imelipwa kwa Serikali ya Kenya. Aliyesajiliwa Arusha hawezi kuidai katika ritani yake ya TRA. Anachoweza kudai ni VAT anayolipa forodhani bidhaa inapoingia Tanzania, kwa hati za forodha.

KABLA HUJAGAWA, TAFUTA RISITI KAMILI

Tunayoyaeleza hapa ni ya kujua gharama na kuhakiki. Hayachukui nafasi ya risiti. Risiti ya mashine ya EFD kwa kawaida huonyesha jumla bila kodi, kodi yenyewe, na jumla pamoja na kodi, kila moja katika mstari wake. Aliyesajiliwa anayedai kodi ya manunuzi anahitaji risiti hiyo. Kodi aliyoikokotoa mwenyewe kutoka katika karatasi ya mkono haimpi haki ya kudai hata kama hesabu yake haina kosa.

Karatasi za mashine hizo hufifia, hasa zikikaa juani au kwenye pochi. Mara nyingi kinachobaki kusomeka ni jumla iliyoandikwa kwa herufi nene. Kama namba ya uhakiki iliyo chini ya risiti bado inasomeka, ingiza namba hiyo katika verify.tra.go.tz pamoja na muda wa risiti inapoulizwa, na risiti itaonekana kama ilivyotumwa TRA. Kisha linganisha kodi inayoonekana pale na ile uliyoipata kwa kugawa. Tofauti ya shilingi moja au mbili isikushtue; inatokana na kuondoa senti mstari kwa mstari. Tofauti ya maelfu ina maana moja kati ya hizi: kuna bidhaa iliyosamehewa katika jumla, kiwango kilichotumika si ulichodhani, au kiasi kilichotumwa TRA si kile ulicholipa.

Na hapo mwisho ndipo penye jambo kubwa zaidi. Ukilipa Sh. 1,475,000 na risiti ya mashine ikaonyesha kodi ya Sh. 90,000, zidisha kodi hiyo kwa 118 na ugawe kwa 18. Utapata Sh. 590,000. Hicho ndicho kiasi ambacho muuzaji amekitangaza kwa mauzo yako ikiwa kiwango ni asilimia 18 na mabati yote yametozwa kodi. Sh. 885,000 zilizobaki hazimo katika kumbukumbu, na wewe uliyelipa VAT juu yake huna karatasi ya kuonyesha. Usiondoke kaunta kabla risiti haijarekebishwa.